Mazoezi yaliyofundisha miguu yakasahau mikono: uchambuzi wa ibada moja ya ndoa Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, usharika, tarehe na kazi za wahusika vimeondolewa. Utaratibu unaoelezwa ni wa kanisa moja la Kiprotestanti jijini. Makanisa mengine hupanga vipengele kwa mfuatano tofauti kidogo, lakini mambo yaliyokwama hapa hukwama kote.

## Hali ilivyokuwa kabla

Ndoa ilipangwa Jumamosi saa 8:00 mchana. Ilikuwa ya pili kati ya tatu za siku hiyo, na ya tatu ilikuwa saa 10:00. Ibada ya kawaida hapo huchukua dakika 75 bila picha, kwa hiyo nafasi ya kuchelewa ilikuwepo, ila si kubwa.

Upande wa sheria ulikuwa safi. Taarifa ya kusudio ilitolewa zaidi ya siku 21 kabla, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka, na matangazo yalisomwa kanisani Jumapili tatu bila pingamizi. Wasimamizi walikuwa mke na mume, kama ilivyo desturi ya harusi nyingi za mjini: mume msimamizi wa bwana harusi, yule ambaye kamati humwita bestimani, na mke wake matroni. Hao ndio pia mashahidi wawili wa kutia saini.

Tatizo lilikuwa moja. Msimamizi huyu hakuwa wa kwanza. Aliyechaguliwa mwanzo alipata safari ya kikazi akajitoa wiki mbili kabla, na kamati ikampata mwingine anayeishi Mwanza. Matroni alitangulia kuja Dar siku ya Jumatano. Mume wake aliwasili Ijumaa usiku, mazoezi yakiwa yamekwisha.

## Mazoezi ya Alhamisi

Yalianza saa 11 jioni na kudumu saa moja na nusu. Mchungaji alikuwa na kikao, hivyo mzee wa kanisa ndiye aliyesimamia, pamoja na mpiga kinanda. Binamu wa bwana harusi alisimama badala ya msimamizi.

Walianzia mlangoni, kama karibu kila mtu anavyofanya, na mlangoni ndipo muda ulipoishia. Wapambe walikuwa jozi nne na walitaka kuingia kwa mwendo walioufanyia mazoezi nyumbani, wakifuata wimbo wa kwenye simu. Kila jozi ilipokosea, wote walirudi nje kuanza upya. Saa nzima ilikwenda hapo. Dakika 20 zilizofuata zilitumika kupanga nani akae benchi gani, na zile kumi za mwisho mchungaji alifika, akawasomea wanandoa maneno ya kiapo, akaomba, wakaachana.

Sehemu ya pete ilielezwa kwa mdomo: "Hapo mtoto ataleta pete." Sehemu ya saini haikuguswa kabisa. Binamu aliyekuwa akimwakilisha msimamizi hakuandika kitu, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ilikuwa kujifunza kwa niaba ya mtu. Yeye alijiona anajaza nafasi tu.

## Siku yenyewe

### Kuingia

Bwana harusi alifika saa 8:10, kwa kuwa alipitia hotelini kumchukua msimamizi wake badala ya msimamizi kumfuata yeye. Bibi harusi alifika saa 8:15 akasubiri garini hadi mkwewe mtarajiwa alipopatikana. Maandamano yalianza saa 8:25.

Njia ya katikati ya kanisa hilo ina urefu wa mita 24. Kwa mwendo wa harusi hatua huwa fupi, kama sentimeta 40, kwa hiyo ni hatua 60 kutoka mlangoni hadi mbele. Wimbo wa wapambe ulikuwa wa mapigo 72 kwa dakika, na wao walikanyaga kila baada ya mapigo mawili, yaani hatua 36 kwa dakika. Kila kundi lilichukua takriban sekunde 100 kufika. Makundi yalikuwa saba: jozi nne za wapambe, watoto wa maua pamoja na mtoto wa pete, matroni, kisha bibi harusi na baba yake. Kati ya kundi na kundi waliacha sekunde 21. Maana yake bibi harusi alianza kutembea sekunde ya 126, na angefika mbele sekunde ya 226, karibu dakika nne tangu mwanzo.

Wimbo wa kwenye simu ulikuwa wa dakika 2 na sekunde 40. Ulikata wakati bibi harusi amepita hatua 20 tu, mita nane ndani ya mlango. Kanisa likanyamaza. Baba akasimama, akiamini kuna jambo limeharibika.

Mpiga kinanda ndiye aliyeokoa. Hakungoja ishara. Alidaka ufunguo uleule na kuanza ubeti wa wimbo ambao kusanyiko linaujua, watu wakaimba, baba akaendelea. Wengi waliohudhuria waliamini ilipangwa hivyo.

Mbele kulikuwa na hitilafu ndogo zaidi. Bibi harusi alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa baba yake. Bwana harusi husimama kulia, ukiitazama madhabahu, na bibi harusi kushoto kwake. Hivyo walipofika, baba ndiye aliyekuwa katikati ya watu wawili wanaofunga ndoa. Ili atoke ilimbidi azunguke nyuma, na akakanyaga mkia wa gauni. Angemshika kwa mkono wa kulia, binti angefika akiwa tayari ubavuni mwa mume, na baba angepiga hatua moja kushoto akaingia benchi la ndugu zake.

### Kiapo

Wanandoa walikuwa wametunga viapo vyao wenyewe kwenye simu. Mchungaji aliwaeleza tangu semina ya ndoa kwamba maneno ya ibada hayabadilishwi, na kwamba ya kwao wayaseme ukumbini. Walikubali. Hapo hakukuwa na mvutano.

Mvutano ulikuwa wa mikono. Katika ibada hii wawili hushikana mikono ya kulia, mchungaji husema kifungu kifupi cha maneno manne au matano, na anayeapa hurudia. Bwana harusi alikuwa ameshika maiki mkono wa kulia. Alipoambiwa amshike mwenzake aliihamishia kushoto, na kwa kuwa mkono huo haukuzoea, ilishuka hadi tumboni. Vifungu viwili vya kwanza havikusikika. Mchungaji alimsimamisha na kumwambia, taratibu: "Tuanze tena, mwanangu, mashahidi wasikie." Kisha akaichukua maiki akamkabidhi msimamizi aishike kati ya vinywa vya wanandoa wawili, na ikabaki hapo hadi mwisho.

Upande wa bibi harusi ulikwenda vizuri, kwa sababu matroni alipokea shada la maua kabla hajaambiwa. Alikuwa amewahi kuwa matroni mara mbili.

Uamuzi wa kurudia kiapo ulikuwa sahihi, na sababu yake si heshima ya ibada peke yake. Sheria inataka mashahidi wasiopungua wawili, wa umri wa miaka 18 au zaidi, wanaoelewa kinachofanyika mbele yao. Shahidi anayesimama mita moja na asisikie ridhaa ya mmoja wa wanandoa atatia saini kitu gani?

### Pete

Mchungaji aliponyoosha mkono kuomba pete, msimamizi alimtazama bwana harusi, bwana harusi akamtazama msimamizi. Kila mmoja alidhani mwenzake anazo. Matroni akamnong'oneza mumewe: "Baba, ziko kwa mtoto."

Mtoto wa pete alikuwa na miaka minne. Hotuba ilipoanza alichoka, mama yake akampeleka nje pamoja na kimto chake. Matroni aliondoka kwa hatua za kawaida, bila kukimbia, akarudi nacho. Pete zilikuwa halisi, zimefungwa kwa utepe, na fundi wa mapambo alikaza mafundo mawili ili zisianguke. Msimamizi alihangaika nayo kwa kucha karibu dakika moja. Mzee wa kanisa akaleta mkasi kutoka ofisini. Muda wote huo kwaya ilikuwa ikiimba ubeti mmoja kwa ishara ya mchungaji.

Pete ya bibi harusi iliingia. Ya bwana harusi iligoma kwenye kifundo cha kidole. Alikuwa amepimwa dukani asubuhi, ndani ya kiyoyozi, wiki tatu nyuma. Siku ya ndoa ilikuwa saa tisa mchana kwenye joto la pwani, amevaa suti, amesimama muda mrefu. Mishipa ya damu hutanuka kwa joto na vidole huvimba. Pete inayokaa sawasawa asubuhi huwa ndogo mchana. Bibi harusi alianza kusukuma kwa nguvu, na kadiri alivyosukuma ndivyo ngozi ilivyojikunja mbele ya pete na kuizuia zaidi.

Mchungaji akasema: "Iache hapo hapo, binti, inatosha." Akaendelea na maneno.

Wapo waliolalamika baadaye kwamba pete haikukaa mahali pake. Lalamiko hilo halina uzito. Ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili mbele ya mfungishaji na mashahidi. Pete ni ishara, na sheria haiitaji. Kumlazimisha kungeweza kumchubua kidole na kuacha damu kwenye gauni jeupe.

### Saini

Meza ya shahada ya ndoa iliwekwa upande wa kushoto. Karani wa usharika alikuwa amekwisha kujaza fomu kwa taarifa zilizowasilishwa mwezi mmoja kabla. Msimamizi alipoinama kutia saini alikuta jina la yule aliyejitoa.

Hapo yalitolewa mapendekezo mawili ya haraka, yote mabaya. Mjumbe mmoja wa kamati alisema atie saini tu, jina litarekebishwa baadaye. Mwingine akasema jina likatwe na la sahihi liandikwe juu yake. La kwanza ni kumfanya mtu ashuhudie kwa jina la mwingine. La pili linazaa hati yenye makovu, na hati hiyo ndiyo wanandoa wataipeleka kuomba pasi, viza, bima au mirathi miaka mingi mbele, kwa mtu ambaye hakuwepo na hana sababu ya kuamini kwamba mkwaruzo ule ulifanywa kwa nia njema.

Mchungaji aliamua saini zisogee. Aliendelea na maombi na sadaka, huku karani akijaza fomu mpya kwa herufi kubwa, akinakili jina la msimamizi kutoka kwenye kitambulisho chake cha Taifa. Bahati ni kwamba alikuwa nacho mfukoni. Fomu ya kwanza haikuchanwa: iliandikwa "imefutwa" na kubaki kitabuni, kwa kuwa fomu zina namba na kila namba lazima ielezeke.

Katika usharika huu nakala ni tatu na kila nakala inataka saini tano: za wanandoa wawili, mashahidi wawili na mfungishaji. Hizo ni saini 15. Bibi harusi alianza kuandika ubini wa mume, na karani akamzuia kabla ya herufi ya pili. Siku hiyo hutiwa saini kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Mabadiliko ya jina ni shughuli nyingine, ya baadaye.

## Matokeo

Ibada ilimalizika saa 9:50. Ili kufika hapo mchungaji aliondoa wimbo wa pili wa kwaya na picha za madhabahuni, ambazo zilipigwa nje, chini ya mwarobaini, huku magari ya harusi ya saa 10 yakiwa tayari uani. Ndoa ilikuwa halali na shahada safi. Wazazi wa upande mmoja walinuna kwa ajili ya picha. Ndani ya gari bwana harusi alitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu ya chupa za vinywaji kwa dakika chache, na pete ikaingia bila shida.

## Uchambuzi

### Kilichofaa

Mambo matatu yaliibeba ibada hii, na yote yalifanywa na watu waliokuwa na uzoefu, si na mpango. Mpiga kinanda alijua kujaza pengo. Mchungaji alijua tofauti kati ya kinachoweza kukatwa na kisichoweza: alikata wimbo, alirudia kiapo. Matroni alijua mikono yake inatakiwa wapi na lini. Toa mmoja kati ya hao watatu, na kisa hiki kingekuwa kirefu zaidi.

### Kilichoshindikana

Ni rahisi kumlaumu msimamizi kwa kukosa mazoezi. Lakini hata angekuwepo Alhamisi, asingejifunza chochote kuhusu maiki, pete wala fomu, kwa sababu havikufanyiwa mazoezi. Kosa lilikuwa kuanzia mlangoni. Kuingia ndiko kunakopendeza machoni, kila mpambe ana maoni yake, na hakuna anayeona aibu kurudia. Matokeo yake kunameza muda wote. Na kukosea hatua hakuiharibu ndoa. Kinachosimamisha ibada ni kitu kilichoko mkononi mwa mtu asiyestahili, au kisichokuwepo mkononi mwa anayestahili.

Kwa hiyo mazoezi yaanzie mwisho. Waweke wanandoa na wasimamizi mbele moja kwa moja, na wapitishe kiapo na pete kwa vitu halisi: maiki iliyowashwa, shada hata la majani, pete au mbadala wake. Rudieni mara mbili. Hiyo ni dakika 20. Kisha nendeni mezani na kalamu, kila mtu asome jina lake kwenye fomu kwa sauti. Dakika 10. Kisha kutoka, ambako watu husahau kuwa bibi harusi sasa anashika mkono wa mume na wasimamizi wanafuata mara moja nyuma yao. Kuingia kuwe mwisho, na wapambe wapewe muda uliobaki, hata kama ni robo saa. Wimbo upimwe kwa saa ya simu dhidi ya hesabu ya makundi na urefu wa njia. Ukipungua, mpiga kinanda aambiwe mapema atapokea wapi.

### Kazi za msimamizi, kwa mfuatano wa saa

Kamati nyingi humkumbuka msimamizi kwa ajili ya ukumbi: atakaaje meza kuu, atacheza nini. Kazi yake kanisani ndiyo nzito.

Ni yeye anayemfikisha bwana harusi, si kinyume chake, na Jumamosi ya Dar hiyo inamaanisha kulala karibu naye na kuwa kanisani dakika 45 kabla. Simu ya bwana harusi hukaa kwake, imezimwa sauti. Pete huwa kwake tangu asubuhi, na namna salama ni kuziweka mifuko miwili tofauti: ya bibi harusi, iliyo ndogo, mfuko wa kulia, kwa kuwa ndiyo hutolewa kwanza. Mtoto wa pete abebe kimto chenye pete za bandia. Watu watapiga picha zao na hakuna atakayejua. Wakati wa kiapo anashika maiki. Kwenye meza anakuwa na kalamu mbili za wino mweusi alizozijaribu, na kitambulisho. Bahasha ya sadaka ya shukrani pia ni yake.

Pete inapogoma, msimamizi anaweza kumnong'oneza mwanandoa jambo moja: asisukume, azungushe, huku akivuta ngozi ya kidole kuelekea nyuma kwa mkono wa pili. Ikigoma tena, iachwe.

Na ikibidi msimamizi akose mazoezi, mbadala wake aambiwe wazi kwamba anajifunza kwa niaba, aandike, na ampigie usiku uleule. Siku ya ndoa msimamizi huyo afike saa moja kabla, apitishwe na mzee wa kanisa mbele ya madhabahu kwa dakika kumi. Mabadiliko ya shahidi, hata yakitokea Ijumaa usiku, karani apigiwe simu palepale na kutumiwa picha ya kitambulisho. Katika kisa hiki kamati ilibadilisha jina la msimamizi kwenye kadi za mwaliko, kwenye bango la ukumbi na kwenye keki. Karani hakupigiwa.